Kumpokea Aliyepotea Siku Nyingi

Salamu zetu hazimfunulii mengi mtu aliyerejea baada ya miaka mingi. Akiuliza habari za nyumbani hujibiwa kuwa ni njema, na jibu hilo hutolewa hata na mtu aliyezika juzi. Huo si uwongo. Ni adabu itakayo shukrani itangulie na msiba ufuate nyuma. Lakini mgeni asiyesimuliwa hicho kifuatacho nyuma atatoka asubuhi na, kwa mapenzi yake mema, atamwuliza mjane habari za mumewe.

Mjomba wangu aliondoka Unguja mwaka 1989 kwenda Maskati, akarudi mwaka 2022. Siku ya kwanza tulimwacha aoge, ale, alale. Aliposema, "Mmenipotea, wanangu," tulicheka, maana aliyepotea alikuwa yeye. Kesho yake, baada ya chai, nilimwamkia na kusema, "Mjomba, kabla hujatoka, niruhusu nikupitishe mitaani kwa maneno."

Sikumhesabia miaka, nilimtajia nyumba, mlango kwa mlango, kuanzia Malindi, kwa sababu kumbukumbu yake ilikuwa imepangwa hivyo. Nilimwambia nani amefariki, nani ameachana na mkewe, nyumba ipi imeuzwa. Habari ya kuanguka kwa upande wa Beit el Ajaib mwaka 2020 niliiacha. Hiyo angeambiwa na mpita njia yeyote.

Aliposikia idadi ya marehemu alinyamaza. Kisha akauliza kama mkono wa tanzia bado wafaa, kwani alifunzwa kuwa taazia ni siku tatu. Ndivyo wasemavyo wanazuoni wa Kishafii, ambao wengi wa pwani huwafuata: baada ya siku tatu haipendezi, kwa kuwa moyo umekwisha tulia na si vema kuutonesha. Ila humtoa katika hukumu hiyo aliyekuwa safarini. Yeye ana ruhusa ya kutoa mkono arudipo.

Ruhusa, hata hivyo, si amri. Kwa mjane mmoja, ambaye mumewe alifariki mwaka 1997, mjomba alitoa mkono, fatiha ikasomwa, na bibi yule akalia kidogo, kisha akamkumbusha deni la kanzu ambalo marehemu hakulisamehe. Nyumba ya pili ilikuwa ya mama aliyefiwa na mwanawe katika meli ya Spice Islander, iliyozama mwezi wa Septemba mwaka 2011. Huko nilitangulia peke yangu nikamwuliza binti yake. Akasema, "Mwambieni aje, lakini asimtaje." Mjomba alikaa kitako, akazungumza habari za karafuu na mvua, akanywa kahawa vikombe viwili. Yule mama alimsindikiza hadi mlangoni, jambo asilowafanyia wageni wengi.

Mitaa ya Ng'ambo tuliiacha hadi Ijumaa, kwa kuwa magoti yake yalikuwa yamechoka.