Sizoni ya Kwanza Ni Ipi?

Katika mashindano ya chemsha bongo, maswali yanayoleta ugomvi si yale magumu. Swali gumu humnyamazisha kila mtu, kisha jibu husomwa na mambo yakaisha. Ugomvi huletwa na swali jepesi lenye neno moja ambalo watu wawili wanalielewa kwa namna mbili, na kila mmoja ana haki yake. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wanaotunga maswali ya chama chetu cha chemsha bongo. Nimeona ya kuwa hakuna mahali ugomvi wa namna hii unapozidi kama katika maswali ya michezo ya televisheni, na chanzo chake ni maneno manne ya Kiingereza: sizoni, sirizi, saikeli na minisirizi.

Tuanze na mawili ya kwanza. Mmarekani asemapo sirizi, maana yake ni mchezo mzima, tangu siku ulipoanza hata siku ulipokoma, ijapokuwa umedumu miaka ishirini. Fungu moja la mchezo huo, yaani zile sehemu zinazoonyeshwa kwa mfuatano kabla ya mapumziko, yeye huliita sizoni. Mwingereza kwa desturi yake hasemi hivyo. Kwake yeye, lile fungu moja ndilo sirizi, na mchezo mzima huuita programu. Chukua mchezo wa kuchekesha wa Kiingereza uitwao Fawlty Towers. BBC ilionyesha sehemu 6 mwaka 1975, kisha sehemu nyingine 6 mwaka 1979, na mchezo ukaishia hapo. Sasa uliza: sirizi ya Fawlty Towers ina sehemu ngapi? Mmarekani atajibu 12. Mwingereza atajibu 6, tena atakuuliza, sirizi ipi, maana ziko mbili. Wote wawili wamesema kweli.

Labda msomaji atauliza, kwa nini watu wanaosema lugha moja wakaachana namna hii? Sababu imo katika kazi yenyewe. Neno sizoni maana yake ni msimu. Sisi wa upande huu twalijua sana neno hili msimu, ambalo asili yake ni Kiarabu, na ambalo mabaharia wa pwani walilitumia kwa majira ya pepo za kusafiria. Huko Marekani televisheni nayo ilikuwa na msimu wake. Mashirika makubwa yalianza michezo mipya mwezi wa Septemba na kuimaliza karibu na mwezi wa Mei, kisha wakati wa joto yakarudia ya zamani. Katika miaka ya 1950 mchezo mmoja uliweza kuwa na sehemu 39 kwa mwaka, na baadaye desturi ikawa kama 22. Hivyo msimu mmoja wa televisheni ulikuwa pia fungu moja la kila mchezo. Uingereza haikuwa hivyo. Huko michezo mingi iliandikwa na mtu mmoja au wawili, sehemu zikawa 6 au zaidi kidogo, na zikaonyeshwa mwezi wowote uliofaa. Fungu lisilofuata msimu halina sababu ya kuitwa msimu. Likaitwa sirizi, yaani mfululizo.

Nasi hapa Tanzania tumeongeza maana ya tatu. Kijana akisema, “Jana nimetazama sizoni ya Kikorea,” hana maana ya fungu moja. Ana maana ya mchezo mzima wa kigeni wenye sehemu nyingi, hata kama una mafungu matano. Katika vibanda vya kunakilia michezo, ukiomba sizoni utapewa mchezo wote katika flashi. Basi neno ambalo kwa Mmarekani ni sehemu ya kitu, kwetu limekuwa kitu kizima. Hapana ubaya, maana lugha ni ya wenyewe. Lakini mtunga maswali yampasa kulikumbuka jambo hili.

Sasa nitaeleza kisa kimoja, ili ionekane jinsi neno linavyoweza kumnyima mtu haki yake. Katika shindano moja la mabweni, swali lilisomwa hivi: “Sizoni ya kwanza ya Doctor Who ilianza kuonyeshwa mwaka gani?” Mchezo huo ni wa BBC, nao wahusu msafiri anayekwenda huku na huku katika wakati. Mwili wake hubadilika, na kwa hiyo huigizwa na watu mbalimbali. Kijana mmoja wa kidato cha pili alisimama akajibu, “Mwaka 1963.” Msimamizi akatazama karatasi, akasema, “Si kweli, ni 2005.” Watu wakacheka. Bweni la kijana yule likashindwa kwa alama moja, naye tangu siku hiyo hakutaka tena kukaa katika benchi la washindani, ijapokuwa alikuwa mwepesi wa kukumbuka kuliko wengi wetu wa kidato cha nne.

Nilitafuta habari za mchezo ule, na haya ndiyo niliyoyakuta. Doctor Who ulianza tarehe 23 Novemba 1963, mwigizaji akiwa William Hartnell. Uliendelea mpaka mwaka 1989, na mafungu yake ya zama hizo yamezoeleka kuitwa sizoni, ya 1 hata ya 26, ijapokuwa mchezo ni wa Kiingereza. Baada ya hapo ulikoma miaka mingi, isipokuwa filamu moja ya mwaka 1996. Mwaka 2005 ulirudi, mwigizaji akiwa Christopher Eccleston. BBC haikuendelea na hesabu ya zamani ikasema 27. Ilianza upya, ikaita fungu lile sirizi ya 1, na hesabu hiyo ikafika sirizi ya 13 mwaka 2021. Kisha BBC ikaungana na kampuni ya Disney ya Marekani, ambayo iliuonyesha mchezo nje ya Uingereza. Mwaka 2024 hesabu ikaanza tena mara ya tatu, na safari hii likatumika neno la Kimarekani: sizoni ya 1. Mwigizaji wake alikuwa Ncuti Gatwa, ambaye alizaliwa Kigali, Rwanda, akalelewa Uskoti.

Tazameni basi. Mafungu matatu yana namba moja. La mwaka 1963 lina sehemu 42, la mwaka 2005 lina sehemu 13, na la mwaka 2024 lina sehemu 8. Na tukilishika neno la swali kama lilivyosomwa, sizoni, basi 1963 ni jibu sahihi, na 2024 nalo lina haki ya kutetewa. Lile la 2005 ndilo lililo dhaifu kuliko yote, kwa sababu lenyewe liliitwa sirizi. Kijana yule alinyimwa alama kwa jibu lililokuwa bora kuliko la karatasi. Niliyaandika haya yote katika ukurasa mmoja nikampelekea msimamizi. Alisoma, akakiri kwamba swali lilikuwa bovu, lakini akasema alama zikishatangazwa hazibadilishwi. Kwa sababu hiyo naona dawa ni kulitengeneza swali kabla halijasomwa.

Neno la tatu ni saikeli, ambalo ndilo lile lile lililo ndani ya baisikeli, maana yake mzunguko. Hilo si la nchi nzima bali ni la michezo michache. Mfano maarufu ni shindano la Kimarekani la wanamitindo, America's Next Top Model, lililoanza mwaka 2003. Mafungu yake yaliitwa saikeli, nayo yalifika 24 mwaka 2018. Mwaka 2004 peke yake zilianza saikeli mbili, ya 2 na ya 3. Kwa hiyo mtu akidhani ya kuwa kila fungu ni mwaka mmoja, kama ilivyo katika michezo mingi ya Marekani, akahesabu miaka ili apate namba, atakosa mara moja. Mwenye kujua huuliza kwanza kama mchezo huo ulikuwa na fungu moja kwa mwaka.

La nne ni minisirizi. Wengi hudhani ya kuwa ni mchezo wowote wenye sehemu chache. Sivyo. Huko Marekani ni hadithi iliyokusudiwa kwisha, yenye mwanzo na mwisho wake katika fungu moja. Mfano mkubwa ni Roots, hadithi ya Kunta Kinte aliyechukuliwa utumwani kutoka Gambia, iliyoonyeshwa usiku 8 mfululizo mwezi wa Januari mwaka 1977. Kama tungepima kwa uchache wa sehemu tu, kila sirizi ya Kiingereza yenye sehemu 6 ingekuwa minisirizi, na Fawlty Towers ingekuwa mbili! Waingereza wenyewe hadithi ya kwisha waliizoea kwa neno lingine, siriali.

Tena jina hili laweza kugeuka njiani. Kitabu cha Shōgun kilitolewa kwa televisheni mara mbili. Ile ya mwaka 1980 ni minisirizi bila shaka. Ile ya mwaka 2024, yenye sehemu 10, nayo ilitangazwa kwanza kuwa hadithi ya kwisha. Baada ya kupendwa mno, wenyewe wakasema wataiendeleza, na mwezi wa Septemba mwaka huo ikapata tuzo ya Emmy kama sirizi ya kawaida. Aliyeandika swali lake mwezi wa Machi na aliyeandika mwezi wa Oktoba hawawezi kuwa na jibu moja.

Kwa hiyo katika chama chetu sasa twafuata kanuni mbili. Ya kwanza, katika swali hatuandiki namba ya fungu bila mwaka wake. Badala ya “sizoni ya kwanza ya Doctor Who,” twaandika “fungu la Doctor Who lililoanza mwaka 2005 lilikuwa na mwigizaji gani mkuu?” na jibu ni moja tu. Ya pili, kabla swali halijaingia katika sanduku, mtu mwingine hulisoma akibadili neno: mahali penye sirizi anaweka sizoni, na penye sizoni anaweka sirizi. Jibu likibaki lile lile, swali ni zima. Likibadilika, swali hurudishwa kwa mtunzi wake.

Swali la kwanza kurudishwa kwa kanuni hiyo lilikuwa langu, na aliyelirudisha ni yule kijana wa kidato cha pili. Katika benchi la washindani hajarudi bado, lakini sanduku la maswali sasa liko mikononi mwake.