Barua Yangu kwa Askari wa Wanyamapori

Wanachama wenzangu na walimu wetu, mtakumbuka kwamba muhula uliopita tulitakiwa kila mmoja aandike barua ya Kiswahili kwa mtu aliye nyumbani, barua ya kweli yenye haja ya kweli. Wengi waliwaandikia bibi zao. Mimi nilimwandikia jirani yetu wa Mugumu, mzee aliyekuwa askari wa wanyamapori upande wa magharibi wa Serengeti kwa zaidi ya miaka ishirini.

Haja yangu ilikuwa moja. Niko mwaka wa tatu wa shahada ya biolojia hapa Wisconsin, na tangu utotoni nimesema nitakuwa daktari wa wanyamapori. Sasa ni lazima nichague. Hapa Marekani mtu humaliza kwanza shahada ya miaka minne, kisha husoma udaktari wa wanyama miaka minne mingine, kwa ada ambayo sitaiandika hapa mama yangu asije akaisoma. Nyumbani kuna Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, miaka mitano, lakini ningeanza mwaka wa kwanza na vijana waliotoka kidato cha sita jana. Basi nikamwandikia: “Shikamoo Mzee. Naomba unieleze, nifanye nini niwe kama wale madaktari uliokuwa ukifuatana nao porini?” Nikaongeza maswali mengi kuhusu simba na bunduki ya sindano.

Mzee hakuandika. Alinitumia ujumbe wa sauti, mmoja mrefu kuliko mhadhara, huku jogoo wake akiwika nyuma. Kuhusu simba hakusema neno. Alinisimulia habari za twiga jike mwenye tanzi la waya mguuni.

Doria ilimwona akichechemea, waya umezama kwenye nyama juu ya kwato. Wakamwita daktari. Alipofika jua lilikuwa limekwisha panda, akasema leo hapana, tutarudi alfajiri. Askari walinung'unika. Walidhani anaogopa. Kumbe mnyama akikimbizwa na kulazwa saa za joto, mwili wake huchemka na misuli huharibika, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye, wakati wenye gari wamekwisha kwenda zao wakijisifu.

Alfajiri daktari aliwakusanya kabla ya kugusa bunduki. Dawa ile, alisema, ni ya jamii ya mofini lakini ina nguvu kuliko mofini zaidi ya mara elfu moja. Ikimchoma mtu, au tone likiingia jichoni, anaweza kuacha kupumua. Akawaonyesha dawa ya kumwokoa mtu iko mfuko gani, na nani atamdunga yeye daktari kama ataanguka yeye. Ndiyo maana, Mzee aliniambia, kazi hiyo haipewi mtu mwenye moyo tu. Ni lazima awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na baraza halisajili biolojia.

Neno hilo lilinichoma, nakiri.

Kisha akaja kwenye twiga mwenyewe. Nilidhani mnyama akipigwa sindano hulala, naye hutibiwa akiwa usingizini. Twiga si hivyo. Dawa ikimwingia huinua kichwa juu na kwenda tu mbele, kama mtu anayetembea ndotoni, na anaweza kwenda mpaka korongoni. Kwa hiyo askari hukimbia mbele yake na kamba nene, wawili upande huu na wawili upande ule, wakamkinga kifuani na miguuni mpaka adondoke. Kabla ya hapo Mzee na wenzake walikuwa wamekwisha lipima eneo kwa macho: hakuna maji, hakuna mashimo, hakuna visiki.

Akishadondoka, jambo la kwanza si kukata waya. Jambo la kwanza ni kumwamsha. Nilirudia kusikiliza hapo mara tatu. Dawa ile hupunguza pumzi, na twiga ana bomba la hewa refu mno, hewa iliyokwisha tumika hubaki humo na kurudi mapafuni. Akiachwa amelewa, hafiki mbali. Chakula pia kinaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia njia ya hewa. Basi daktari humdunga dawa ya kuzimua kwenye mshipa wa shingo mara moja, na kazi yote hufanywa mnyama akiwa macho, ameshikwa na uzito wa watu. Twiga hawezi kuinuka bila kwanza kurusha kichwa na shingo, kwa hiyo watu huwahi kichwa, wakakilaza na kukaa juu ya shingo, wakiinyoosha ili hewa ipite. Hufungwa kitambaa machoni na kuzibwa masikio. Hakuna anayesimama karibu na miguu isipokuwa mkata waya.

Kazi ya Mzee ilikuwa kuhesabu pumzi kwa sauti. Daktari alikata waya, akasafisha kidonda, akamdunga dawa ya kuzuia kidonda kuoza, na huku sikio lake liko kwenye ile hesabu. Ilipochelewa mara moja aliacha kidonda na kwenda kichwani. Shingo ilikuwa imepinda kidogo tu. Wakainyoosha, hesabu ikarudi. Halafu wakaachia wote kwa pamoja, na twiga akasimama.

“Sasa, mwanangu,” akasema, “unadhani daktari yule alijifunzia wapi kusikia pumzi inayochelewa? Kwa twiga?” Alijifunzia kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa, miaka mitano Morogoro na mingine vijijini. Mzee alinikumbusha sotoka. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha walikuwa wamepita milioni. Hakuna aliyewachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe wa pembezoni, ugonjwa ukakosa pa kukaa. Na mwaka 1994, ugonjwa wa mbwa uitwao distempa ulipoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, dawa ilikuwa kuwachanja mbwa wa vijijini kwetu. Mbwa wetu mwenyewe, nakumbuka, alipelekwa na kaka yangu kwenye mstari wa chanjo amefungwa katani shingoni.

Mwishoni aliniuliza swali moja: “Umekwisha tia mkono ndani ya ng'ombe?”

Sikuwa nimetia. Nimekaa miaka mitatu katika jimbo la ng'ombe wa maziwa bila kugusa hata mmoja. Wiki iliyofuata niliomba kazi kwenye shamba lililo nusu saa kutoka chuoni, saa kumi za alfajiri, siku tatu kwa wiki. Mwezi Aprili nilisaidia kumvuta ndama aliyetanguliza miguu ya nyuma. Kuhusu Morogoro sijaamua, ingawa nimekwisha andika kuulizia masomo yangu ya kemia yatahesabiwaje. Nikiambiwa nianze upya, nafikiri nitaanza.

Nilimtumia Mzee picha ya yule ndama na mama yake, nikijitapa kidogo. Jibu lake lilikuja usiku wa manane wa huku. “Ndama mzuri. Lakini huyo mama anauficha mguu wa nyuma wa kushoto. Hukuona?”

Sikuona. Asubuhi nilikwenda kumwangalia. Kweli, alikuwa anachechemea.