Kutoka Kikapu hadi Gumzo: Oda za Duka Moja la Kanga Kariakoo

Baadhi ya maduka ya kanga ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, yalipofungua tovuti, yalipokea pamoja nazo kikapu, yaani ukurasa ambamo mnunuzi hukusanya bidhaa alizochagua, akajaza jina, anwani na njia ya malipo, kisha akathibitisha oda pasipo kuzungumza na mtu. Utaratibu huo ulimfaa muuzaji, kwa kuwa kila oda ilimfikia ikiwa na namba yake, lakini haukumfaa mnunuzi aliyezoea kuelekeza watu nyumbani kwake kwa kutaja msikiti au kituo cha daladala, na ambaye kabla ya kulipa alitaka kujua kama wekundu wa picha ndio wekundu wa kitambaa chenyewe. Katika duka ambalo mabadiliko yake yanakumbukwa hapa, wanunuzi wengi walijaza kikapu, wakakiacha, kisha wakapiga simu.

WhatsApp Business, programu ya ujumbe iliyotengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara na kutolewa mwaka 2018, ililipa duka hilo njia nyingine. Kitufe cha kikapu kiliondolewa, na chini ya kila picha kikawekwa kiungo kinachofungua mazungumzo na duka huku ujumbe ukiwa umekwisha kuandikwa:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naomba%20K14%20doti%202
```

Namba ya simu huanza na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo, na `%20` husimama mahali pa nafasi kati ya maneno. Jambo lenye thamani zaidi katika kiungo hicho ni K14, alama ya kanga yenyewe, kwani bila hiyo mteja huandika tu kwamba anataka ile ya bluu, na muuzaji mwenye kanga nyingi za bluu hulazimika kuanza kuuliza upya.

Oda ziliongezeka, na ndipo udhaifu wa njia hiyo ulipojitokeza. Mazungumzo hupangwa kwa kufuata ujumbe wa mwisho kuingia, si kwa kufuata oda iliyosubiri zaidi. Kwa hiyo mteja anayeuliza kila saa hubaki juu ya orodha, na yule aliyelipa akatulia huzama chini mpaka asahaulike. Huo ndio mzizi wa karibu kila lawama iliyolifikia duka, na haukutokana na uzembe wa mtu yeyote.

Dawa ya kwanza ilikuwa lebo, yaani alama za rangi ambazo programu huruhusu zibandikwe kwenye mazungumzo, na duka likachagua tatu: oda mpya, inasubiri malipo na imelipwa. Zilisaidia kwa muda, lakini duka lilizibandika kwa mteja ilhali kinachofuatiliwa ni oda. Mteja mmoja wa Morogoro aliagiza doti 2 za K14 akalipa, na kabla mzigo haujapandishwa basi akaomba doti 1 ya K09. Kwa kuwa mazungumzo yake yalikuwa tayari na lebo ya kulipwa, mfungaji wa mizigo alifunga doti zote 3, na fedha ya ile ya tatu ikabidi idaiwe baada ya mzigo kufika.

Tangu hapo kila oda ilipewa namba na mstari wake katika jedwali la kompyuta. Oda ya kwanza ya mteja huyo ingeandikwa 0312-04, maana yake oda ya nne ya tarehe 12 Machi, na ile ya K09 ingepata namba nyingine hata kama imetoka kwa mtu yuleyule dakika chache baadaye. Mstari hubeba simu ya mteja, alama ya kanga, idadi ya doti, mahali pa kupeleka, namba ya muamala na hali ya oda, na namba hiyo humrudia mteja katika ujumbe wa kuthibitisha, ili akiuliza aitaje. Namba ya muamala hunakiliwa kutoka katika ujumbe wa malipo uliofika kwenye simu ya duka, kamwe si kutoka katika picha aliyotuma mteja, kwa kuwa picha hughushiwa kwa urahisi.

Kila asubuhi jedwali hupangwa kwa namba, mistari iliyolipwa lakini haijatumwa ikatangulia, na mfungaji hufanya kazi kwa kulifuata bila kufungua simu. Kinachobaki kuwa kigumu ni saa za jioni, wahudumu wawili wanapojibu wateja kwa wakati mmoja na doti ya mwisho ya kanga ileile ikaahidiwa mara mbili. Kwa sababu hiyo duka limeamua kwamba mhudumu mmoja tu ndiye anayetoa namba, na kwamba doti isiyo na namba haijauzwa.