Sentensi Moja Kabla ya Barua Pepe

Mpwa wangu Rehema,

 

Rasimu ya barua pepe unayotaka kuwapelekea wenye maduka hapo Arusha nimeipata na nimeisoma yote. Kiswahili chako kizuri na adabu imo, lakini nilipoimaliza sikujua mwenye duka atapata nini akikuajiri. Umeandika: “Tunatoa huduma bora za uhasibu na ushauri wa kodi kwa bei nafuu.” Futa jina lako hapo uweke la mhasibu yeyote wa mjini, maneno yatabaki kuwa kweli vilevile. Mimi mwenye duka la vifaa vya ujenzi hupokea barua za namna hiyo, na huwa sizijibu kwa sababu hazinigusi popote.

Basi iache barua kwanza. Chukua karatasi uandike sentensi moja tu: unamsaidia nani, katika tabu gani, kwa kazi gani, na mwisho wake anapata nini.

Tuichukue kazi unayoijua vizuri kuliko zote, yaani VAT. Mwenye duka ananunua bati na saruji kwa shilingi 5,900,000, na ndani yake mna VAT ya asilimia 18, sawa na 900,000. Anaiuza bidhaa hiyo mwezi huohuo kwa 6,490,000, ambamo VAT ni 990,000. Risiti yake ya EFD ya manunuzi ikiwa sawasawa, anakata zile 900,000 na kuipelekea TRA 90,000. Risiti ikipotea, au ikitolewa bila TIN na namba yake ya usajili wa VAT, hana cha kukata, na zote 990,000 zinamtoka mfukoni. Wengi wanakuja kuligundua hilo tarehe 19, na ritani inatakiwa tarehe 20. Dereva aliyekwenda kuchukua mzigo ameshaitupa risiti, na muuzaji hapokei simu.

Hapo ndipo thamani yako ilipo, mwanangu. Wewe unazipitia risiti kila wiki, kwa hiyo kasoro unaiona wakati muuzaji bado anakumbuka mauzo yenyewe. Mimi ningeiandika hivi:

“Kila wiki ninakagua risiti za manunuzi za maduka ya vifaa vya ujenzi ya Arusha yaliyosajiliwa VAT, ili zenye kasoro zirudishwe kwa muuzaji mapema na mwenye duka apate nafasi ya kuikata VAT aliyokwisha kuilipa.”

Ni ndefu kidogo, utaipunguza mwenyewe. Lakini tazama inavyokuchagulia watu wa kuwaandikia. Duka ambalo mauzo yake hayajafikia kiwango cha kujisajili, ambacho kwa Bara ni shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu 2023, na ambalo halijasajiliwa, halina VAT ya kukata, kwa hiyo usilisumbue. Wenye nyumba za wageni nao wana tabu zao nyingine. Wakija kuwa wateja wako, watungie sentensi yao, usiinyooshe hii mpaka iwaenee wote, maana ikiwaenea wote itarudi kuwa ile ya “huduma bora”.

Uwe mwangalifu pia na ahadi. Usiandike kwamba TRA hawatamkagua wala kwamba hatapoteza kitu, kwani huna mamlaka juu ya hayo, na wapo wauzaji watakaokataa kurekebisha risiti hata ukiwafuata mapema. Kazi iliyo mikononi mwako ni kukagua na kutoa taarifa kwa wakati, na hiyo peke yake ina bei.

Ukishaipata sentensi yako, msomee mwenye duka mmoja unayemfahamu, kwa mdomo, kisha mwombe akueleze wewe unafanya kazi gani. Akisema, “Kumbe wewe mhasibu,” haijafika, rudi kwenye karatasi. Akianza kukusimulia risiti zake zilizopotea, au akauliza unachukua kiasi gani kwa mwezi, sentensi imefika.

Barua yenyewe baada ya hapo haitakupa shida. Kichwa chake kitoe kwenye sentensi hiyo, kwa mfano “Risiti za VAT za duka lako”. Salamu iwe fupi, sentensi ifuate, halafu hesabu ile ya 990,000 na 90,000 kwa mistari miwili. Malizia kwa ombi moja dogo: akuruhusu uzikague risiti zake za mwezi uliopita. Orodha ya huduma nyingine zote iondoe.

Rasimu mpya usinitumie sasa. Nitumie sentensi peke yake, pamoja na maneno aliyokujibu huyo mwenye duka, nami nitakupigia tuizungumze.

Mjomba wako,
Tanga