Udhaifu Usio na Mwenyewe

Kwa miaka miwili karatasi kubwa ilining'inia ukutani mwa chumba cha mikutano cha idara yetu. Iligawanywa katika miraba minne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Tuliijaza katika warsha ya siku mbili, tukaandika ripoti, ripoti ikapelekwa kwenye ndaki, nasi tukarudi madarasani tukiamini kwamba uchambuzi wa SWOT umekamilika.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri alinisubiri katika chumba hicho. Ni mwalimu wa sekondari aliyepewa na mwajiri wake ruhusa ya masomo ya miaka miwili, na ruhusa hiyo ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Nilimkuta amesimama mbele ya karatasi ile. Baada ya kunisalimu, alionesha mstari mmoja katika mraba wa udhaifu: "Ucheleweshaji wa kusoma kazi za wanafunzi." Kisha akaniuliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu, jambo hili mlilijua tangu lini?"

Sura yake ya tatu ilikuwa mezani kwangu kwa wiki 11.

Mimi hufundisha sarufi, na jioni ile niliisoma karatasi yetu kama ninavyosoma insha ya mwanafunzi. Mraba wa udhaifu ulijaa nomino za dhahania: uhaba, uchakavu, ucheleweshaji, upungufu. Hakuna hata moja iliyobeba mtendaji. Ripoti yenyewe ilikuja na mapendekezo, lakini yote yalianza kwa kuimarisha, kuboresha, kuhamasisha. Kitenzi cha Kiswahili kikikaa katika kauli halisi kwa kawaida hudai kiambishi cha nafsi: ni-, u-, a-, tu-. Tukikianza kwa ku-, tunamwondoa mtu kwenye sentensi, na pamoja naye tunaondoa wakati. Ndiyo lugha ile ile tunayoisikia majukwaani kila siku, "suala hilo linafanyiwa kazi", na ambayo sisi wasomi huilaumu kwa wanasiasa. Nami nilikuwa mmoja wa walioiandika.

Niliomba nafasi katika kikao cha idara kilichofuata. Hatukufanya warsha nyingine. Tulichukua mambo 27 yaliyokuwa kwenye karatasi na kuyapitia kwa swali moja: je, tunaweza kulifanya wenyewe, lazima tumwombe mtu, au lazima tulivumilie? Ufinyu wa bajeti na kuongezeka kwa vyuo shindani tuliviacha katika kundi la kuvumilia. Upungufu wa walimu ulikuwa wa kuomba, nao ulihitaji barua moja kwa Mkuu wa Ndaki. Mambo tuliyoweza kuyafanya wenyewe yalibaki 9. Tukachagua moja tu, ucheleweshaji, kwa kuwa ndilo lililokuwa likiwagharimu watu miaka yao.

Kabla ya kutafuta dawa, tuliuliza tunajuaje kwamba tunachelewa. Kila mmoja alikuwa na kisa, lakini hakuna aliyekuwa na tarehe. Wanafunzi walikuwa wakileta sura mkononi, kwa baruapepe, au kuzisukuma chini ya mlango, na hakuna mahali palipoonesha zimeingia lini. Tulidhani chanzo ni uchache wa wasimamizi, kumbe hata wasimamizi wenye wanafunzi wawili walichelewa. Sura isiyo na tarehe ya kupokelewa haina namna ya kuonekana imechelewa.

Hapo ndipo miraba minne ilipoanza kutufaa. Mwaka 1982 Heinz Weihrich aliandika kwamba miraba hiyo haikusudiwi kusomwa mmoja mmoja. Faida yake huja inapokutanishwa, nguvu na fursa, udhaifu na fursa, na kadhalika. Katika mraba wa nguvu tulikuwa tumeandika, kama pongezi tu, kwamba idara ina mtunza masijala makini. Tulipoukutanisha mstari huo na ule wa ucheleweshaji, hatua ya kwanza ikajitokeza yenyewe.

Mabishano makali yalihusu mwenye kazi. Pendekezo la kwanza lilikuwa "Kamati ya Uzamili". Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kamati ya watu saba haiwezi kuulizwa swali ikajibu. Wengine wakataka mtunza masijala abebe yote. Mama yule alikataa, tena kwa haki: "Daftari nitalitunza, lakini mimi siwezi kumdai profesa." Kauli yake ilitufundisha kwamba mwenye kazi lazima awe na mamlaka ya kuitimiza, la sivyo tunamtwisha lawama tu.

Tarehe nazo zilitusumbua. Wote tulitaja 30 Juni, kwa sababu mwaka wa fedha huishia hapo. Lakini tarehe inayowafaa wote mara nyingi ni ile iliyo mbali vya kutosha kusahaulika. Tulifungua almanaka ya chuo na kuchagua siku zilizotangulia mitihani. Mpango wote ukaenea nusu ukurasa:

1. Mtunza masijala anafungua daftari la kupokea na kurudisha sura kufikia 14 Februari. Ushahidi: daftari lenyewe.
2. Mkuu wa Idara anamwandikia kila msimamizi aliyekaa na sura zaidi ya siku 21. Barua za kwanza zinatoka 3 Machi. Ushahidi: nakala katika jalada.
3. Mratibu wa Uzamili anawasilisha mgawanyo mpya, msimamizi mmoja asizidi wanafunzi 6, kufikia 28 Machi. Ushahidi: orodha katika muhtasari wa kikao.

Kila kikao cha idara kilianza na dakika kumi za ukurasa huo. Majibu yaliyoruhusiwa yalikuwa matatu: nimefanya, sijafanya, naomba tarehe mpya. Tarehe mpya iliombwa mara moja tu. "Mchakato unaendelea" halikuwa jibu.

Hatua ya kwanza ilitimia kabla ya siku yake. Ya pili ilitimia pia, na miongoni mwa barua za kwanza moja ilikuwa yangu, kwa ajili ya mwanafunzi mwingine. Niliona haya, nikaisoma sura ile usiku huo. Kufikia mwisho wa Mei, sura 14 zilikuwa zimeingia daftarini, na 11 kati ya hizo zilirudi ndani ya siku 21. Hatua ya tatu ilianguka. Mratibu alikwenda likizo ya masomo mwanzoni mwa Machi, na hakuna aliyejua orodha yake ilifikia wapi. Tangu hapo kila hatua ina jina la pili, la mbadala. Hata hivyo mbadala wake naye alikwama: kuna nyanja ambayo idara ina mtaalamu mmoja tu, naye ana wanafunzi 11. Hilo tulilihamishia kundi la kuomba. Mpango mfupi hauzalishi walimu.

Mwanafunzi wangu nilimrudishia sura yake wiki ile ile aliyoniuliza, lakini ruhusa yake iliisha kabla hajamaliza. Alirudi shuleni kwake, akaandika usiku baada ya vipindi, na akawasilisha tasnifu mwezi Oktoba. Miezi ile haikumo katika mraba wowote wa karatasi yetu.

Karatasi ile tumeibandua. Ikiwa nawe, msomaji, idara yako ina mfano wake ukutani, chagua mstari mmoja wa udhaifu, kisha uandike upya kwa kitenzi chenye nafsi, jina la mtu na tarehe. Ukishindwa kuandika jina, angalia kwanza kama si lako.