Diski Iliyopanda Basi

Mimi nina riwaya isiyokwisha, na nina mdogo wangu aliyehamia Iringa kutafuta kazi. Riwaya naiandika mchana. Mdogo wangu nakutana naye saa tatu usiku, mimi chumbani Mwanjelwa, yeye Kihesa, tukicheza Counter-Strike 2. Kwa simu hatuna la kusema tangu tulipomzika baba. Kwenye gemu maneno yanakuja yenyewe.

Bando langu la mwezi ni giga 20, na kompyuta inalipata kupitia simu. Mwezi wa tatu liliisha tarehe 6. Nikadhani tumecheza kupita kiasi. Kumbe! Nilipoangalia matumizi kwenye simu kabla na baada ya mchezo, saa nzima ya kurushiana risasi na kupiga soga ilikuwa imekula kama megabaiti 150 tu. Ramani, sauti na picha zimo tayari kwenye kompyuta; kinachosafiri hewani ni habari ndogondogo, nani yuko wapi, nani kafyatua. Saa 30 kwa mwezi hazifiki giga 5. Mwizi alikuwa Steam, aliyejisasishia magemu nilipolala, na Windows akimsaidia kubeba.

Basi kwenye Windows nikawasha "Metered connection", na Steam nikamwamuru asisasishe gemu mpaka nilifungue mwenyewe. Giga 5 za kucheza, 8 za masasisho, zilizobaki za muswada na dharura. Mpango ukashika.

Mwezi wa tano diski ya kompyuta ikafa. Loo! Gemu lilitaka nafasi ya giga 85. Kinachopakuliwa hakifiki hapo, lakini kinalimeza bando langu zima na bado hakijashiba.

"Kaka, tulia, nakutumia kwa basi," akasema mdogo wangu.

Akaingia steamapps, kisha common, akanakili folda nzima ya Counter-Strike Global Offensive (jina la zamani bado limo humo) kwenye diski ya nje. Ikapita Mafinga na Makambako, nikaipokea stendi.

Pupa ikaniponza. Nilibonyeza Install kabla ya kuiweka folda, Steam akaanza kupakua kutoka sifuri. Nilishtuka kwa kuangalia simu: megabaiti 600 zimeondoka na chai sijamaliza. Nikasimamisha, nikafuta alichoanza, nikaweka folda ya mdogo wangu mahali palepale, ndipo nikabonyeza tena. Safari hii alikaa muda mrefu akikagua mafaili, namba za simu zimetulia. Mwishowe akachukua tofauti tu iliyotokea tangu diski iondoke Iringa. Haikufika giga moja.

Usiku ule tulicheza mechi mbili, tukapigwa zote. Katikati ya ya pili akaniuliza kama nimeshakwenda kufyeka majani kaburini.

Nikamwambia bado.