Bahari Hainilevyi, Miwani Ilinilevya

Nimekulia Malindi, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kwenye mashua za kioo zinazowapeleka wageni kutazama matumbawe katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, ile iliyotengwa mwaka 1968. Hata kusi likivuma, mimi husimama nikazungumza na wageni huku baadhi yao wakiwa wamejiinamia wakitapika. Bahari hainilevyi. Ndiyo maana nilishangaa sana siku mtoto wa kaka yangu aliponivisha miwani ya uhalisia pepe sebuleni kwetu, akanirusha juu ya pwani kwa programu ya Google Earth VR, tukitoka Malindi kuelekea Watamu na hori la Mida. Ardhi ilipoanza kupita chini ya miguu yangu, nilipiga miayo mfululizo, mate yakanijaa mdomoni, jasho baridi likanitoka. Nilivua miwani kabla hatujafika Mida, na kigegezi hakikunitoka hadi magharibi.

Siku hizi ninazunguka pwani nzima ndani ya miwani ileile na kuinuka nikiwa mzima. Sikumeza dawa yoyote. Nilichofanya ni kujua ugonjwa unatoka wapi, kisha tukabadili chumba na mipangilio ya programu.

Ndani kabisa ya sikio mna vifereji vitatu vyenye majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji hayo huchelewa kidogo kukifuata, na vinyweleo vilivyomo hupinda na kuuarifu ubongo kwamba umegeuka. Kando yake vimo vijiwe vidogo vya chokaa vinavyohisi mwili ukianza kwenda mbele, kupanda au kushuka. Ubongo hulinganisha habari za sikio na zile za macho kila wakati. Zikikubaliana, unatembea bila hata kufikiria. Zikipingana mara kwa mara, tumbo ndilo hulipa. Maelezo haya ndiyo yanayokubaliwa na wataalamu wengi, na watafiti wawili, Reason na Brand, waliyachambua kwa kirefu katika kitabu chao cha mwaka 1975.

Baharini, mgonjwa huwa ameangalia sakafu ya chombo au simu yake. Macho yanasema ametulia, na sikio linasema anapanda na kushuka. Nikimwambia atazame upeo, macho yake yanaona mwendo uleule ambao sikio linauhisi, na mara nyingi hupata nafuu. Kwenye miwani mambo yamegeuzwa. Macho ndiyo yanayosafiri, na sikio linashikilia kwamba mwenye nalo amekaa tuli kwenye kiti. Uzoefu wangu wa mawimbi haukuwa na msaada hapo, kwa sababu ulikuwa uzoefu wa ugomvi mwingine.

Nilipolielewa hilo, nilianza kuangalia ni mwendo gani hasa unaoniumiza. Kugeuza kichwa changu mwenyewe hakukunidhuru, wala kupiga hatua za kweli chumbani, maana hapo jicho na sikio vilikuwa na habari moja. Kigegezi kilianza pale tu kijana alipobonyeza kifaa cha mkononi na dunia ikasogea yenyewe. Na kulikuwa na tofauti hata hapo: kuruka chini karibu na mikoko ya Mida kulinimaliza upesi, na kuruka juu sana kulivumilika. Ukiwa chini, ardhi inapita kasi mbele ya macho. Ukiwa juu, inasogea polepole hata kama mwendo wako ni uleule.

Basi tukaingia kwenye mipangilio. Programu ile ina kitu kinachoitwa `Comfort mode`. Ukikiwasha, kila unaporuka kingo za picha hufunikwa, ukabaki na duara la katikati, na ukisimama picha hufunguka tena. Macho huhisi mwendo zaidi kwa pembeni, hivyo ukiziba pembeni unapunguza uongo unaofika kwenye ubongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2016 kwamba kubana picha polepole namna hii hupunguza usumbufu, na kwamba watu wengi hata hawatambui inabanwa. Katika michezo mingine nimekuta njia mbili zaidi. `Snap turn` hukugeuza kwa mkupuo mmoja, tuseme nyuzi 30 au 45, badala ya kukuzungusha taratibu. `Teleport` hukuhamisha kutoka hapa hadi pale bila kukupitisha njiani. Macho yasipoona safari, hayana cha kubishana na sikio. Ni kweli utamu wa kuruka unapungua, nami nauhesabu kuwa bei halali.

Chumba nacho kilikuwa na kazi yake. Sebule yetu ni nyembamba, na juu lipo pangaboi ambalo mtu mrefu akinyoosha mkono analigusa. SteamVR huomba angalau mita 2 kwa 1.5 zilizo wazi ili mtu atembee, nasi hatukuwa nazo, kwa hiyo tuliamua kukaa. Nikachukua kiti kisichozunguka, nikatandika mkeka mdogo chini ya nyayo tupu. Mkeka ule unaiambia miguu katikati ya chumba ni wapi na mbele ni upande gani, na mtu asiyeogopa kugonga meza hajikazi shingo. Feni ya mezani tuliiweka mbele yangu, isigeuke. Upepo wake unapunguza jasho na ukungu kwenye lenzi, nao pia unaikumbusha ngozi kwamba mbele ni palepale. Pazia tulilishusha, kwa sababu jua la Malindi likipenya moja kwa moja kwenye lenzi huunguza kioo cha ndani.

Lililotusumbua zaidi ni joto la kaskazi. Miwani yetu inataka picha 90 kila sekunde. Kompyuta ikipata moto hujipunguzia kasi, na picha mpya zikishuka hadi 45 dunia haiendi sawasawa na kichwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: geuza kichwa taratibu huku ukitazama ukingo wa kitu kimoja. Ukingo ukionekana mara mbili au ukitetemeka, hata mtu mwenye tumbo la chuma ataugua, na hakuna mpangilio wa starehe utakaomwokoa. Sisi hushusha ubora wa picha, tukaweka kompyuta juu ya meza wazi badala ya kochi, na saa za joto kali tunaacha kabisa.

Kuna mipaka. Mamangu hulewa hata kwa picha iliyobanwa, naye tunamwonyesha mahali pamoja tu, akae na kuangaza. Na mimi nikisikia mwayo wa kwanza navua hapo hapo. Kujikaza hakumzoeshi mtu, huufunza mwili kuichukia miwani. Kilichonizoesha ni vipindi vifupi vya siku tofauti, kila kimoja kikiishia kabla ya kigegezi. Nikishavua miwani sipandi bodaboda mpaka kichwa kitulie.

Jambo la mwisho tulilolibadili lilitokana na swali la kijana wetu.

"Shangazi, mbona mimi siugui nikiruka, na nikikurusha wewe unaugua?"

Ni kwa sababu yeye ndiye aliyebonyeza. Anayeongoza hujua kona inakuja kabla haijafika, kama dereva wa matatu ambaye halewi huku abiria wake wanalewa. Tangu siku hiyo, yeyote anayevaa miwani nyumbani kwetu hushika vifaa vya mkono mwenyewe. Kijana hukaa kando, akaeleza kwa mdomo ni kitufe gani kinakwenda wapi.